Mteja anaomba kitu ambacho hakikuwemo kwenye makubaliano: nimjibuje?

*Mtaalamu, habari. Natengeneza tovuti, najitegemea. Nina mteja mwenye kliniki ya meno. Tulikubaliana kurasa sita, fomu ya mawasiliano na mizunguko miwili ya masahihisho. Nimebakiza wiki mbili kukabidhi, na theluthi moja ya malipo bado iko kwake. Jana amenitumia ujumbe wa sauti akitaka wagonjwa waweze kuweka miadi na kulipa humohumo kwenye tovuti, eti "ni kitu kidogo tu, wewe unajua mambo haya". Huko nyuma nilishamwongezea ukurasa wa saba na kumbadilishia rangi kwa mara ya tatu bila kudai kitu. Nikikataa naogopa ataishikilia ile theluthi. Nikikubali naumia. Nimjibuje?*

Leo mwandikie sentensi mbili tu: "Daktari, nimeusikia ujumbe wako. Naangalia kazi hiyo inahitaji nini, kesho mchana nitakuandikia." Basi. Ukikaa kimya siku tatu atahesabu kwamba umekubali na kazi inaendelea. Ukiandika "sawa" utakuwa umejifunga zaidi, maana wewe ukisema "sawa" unamaanisha umesikia, yeye anasikia kwamba utafanya. "Hamna shida" ni ndugu yake. Hata "tutaona" haisaidii: kwako ni kukataa kwa adabu, kwa mteja mwenye haraka ni ahadi.

Usiku huohuo fungua makubaliano yenu, pamoja na makadirio ya bei uliyomtumia mwanzoni na barua zote zilizotangulia. Unatafuta jambo moja: je, kuna mahali popote neno "miadi" limetajwa? Kama umeandika "fomu ya mawasiliano" na hakuna zaidi, uko salama. Lakini wengi wetu, tukiwa tunaitafuta kazi, huandika maneno matamu kama "tovuti itawawezesha wagonjwa kuwasiliana na kliniki na kupanga miadi kwa urahisi". Ukikuta sentensi ya namna hiyo, hali imebadilika. Sheria za mikataba katika nchi nyingi husema kwamba maneno yenye utata husomwa dhidi ya yule aliyeyaandika, na aliyeyaandika ni wewe. Hapo usiseme kwamba ombi lote liko nje. Gawa: mgonjwa kuomba miadi kupitia fomu kunaingia ndani na utakufanya bila malipo, kalenda inayojifunga yenyewe na malipo ya mtandaoni ni kazi mpya. Mteja anayekuona unakubali kile kilicho chake hupata shida kubishana juu ya kile kisicho chake.

Nitaendelea kwa kudhani kwamba neno miadi halimo.

Sasa kuna hatua ambayo wenye haraka huiruka, nayo ndiyo mara nyingi huokoa uhusiano. Muulize kwa nini anataka hicho kitu. Mpigie, dakika tano. Daktari wa meno hatamani kalenda kwa sababu ya kalenda. Huenda wagonjwa wanaweka miadi kisha hawatokei, na anafikiri wakilipa kabla watakuja. Huenda simu ya mapokezi inaita mchana kutwa. Huenda ameona tovuti ya kliniki nyingine na roho imemuuma. Kila sababu ina dawa yake. Wagonjwa wasiotokea wanaweza kutibiwa kwa ujumbe wa kukumbushwa siku moja kabla. Simu nyingi zinaweza kupunguzwa na fomu ya kawaida ambapo mgonjwa anataja siku na saa anayoipenda, kisha mpokezi anathibitisha. Sababu ya tatu haina dawa ya kiufundi, lakini ukishaijua utajua pia kwamba huenda ikaisha yenyewe akiona bei.

Kwenye simu hiyo usitaje bei hata akikubana. Namba utakayoitaja kwa kukisia itakuwa ndiyo dari, na utakapoleta hesabu ya kweli atasema umepandisha.

Baada ya hapo kaa ufanye hesabu. Najua kichwani una namba ndogo, labda saa sita, kwa sababu unafikiria ile sehemu unayoipenda: kuweka programu-jalizi ya miadi na kuipanga ipendeze. Hizo saa sita ni za kweli, ila ni mwanzo. Kuunganisha malipo na mtoa huduma wake kutakula saa nane hivi, kwa sababu namba za kadi za wagonjwa zisihifadhiwe kwenye tovuti yako kabisa. Mgonjwa anapaswa kupelekwa kwenye ukurasa wa mtoa huduma na kurudishwa, na kule kurudi ndiko mambo huharibika. Ujumbe wa uthibitisho na wa kukumbusha, saa tatu. Ukurasa wa masharti ya kughairi na kurudishiwa fedha, saa mbili, hata kama maneno ataleta yeye. Kumfundisha mpokezi, saa mbili. Simu na barua za kuulizana, saa tatu. Halafu majaribio, saa tano, na hapa usijidanganye: wagonjwa wawili wanachagua nafasi ileile kwa wakati mmoja, mtandao unakatika fedha zikiwa zimeshatoka, mtu anaghairi usiku wa manane, simu ya zamani inaonyesha kalenda nusu. Kila kimoja lazima ukijaribu kwa mkono wako.

Jumla ni saa 29. Ongeza akiba ya asilimia 20 kwa yale usiyoyaona leo, unafika karibu saa 35. Kama kazi ya kwanza uliipangia saa 60, basi "kitu kidogo tu" ni zaidi ya nusu ya tovuti nzima, asilimia 58. Nakushauri uione namba hii kabla hujaanza kumwandikia, maana anayeandika akiwa na saa sita kichwani huandika kwa kuomba radhi, na mwenye 35 huandika kwa utulivu.

Bei ipatikane kwa kiwango kilekile cha saa ulichotumia mwanzoni. Usipandishe kwa hasira ya yale mawili ya bure; atagundua akigawanya tu. Usishushe pia ili kumpoza, kwa sababu kazi ya kuongeza juu ya kitu kilichokwisha jengwa huwa na hatari zaidi, na bei ya chini ukiitoa mara moja ndiyo itakayokuwa bei yako kwake siku zote. Mpe bei moja ya jumla badala ya kumpa saa, lakini andika mipaka yake: madaktari wangapi, aina ngapi za huduma, mtoa huduma mmoja wa malipo, mzunguko mmoja wa masahihisho. Bila mipaka hiyo nyongeza nayo itazaa nyongeza.

Sasa kiini cha jibu langu. Kumkatalia si tatizo lako kubwa, kwa sababu humkatalii kazi. Unakataa isiingie ndani ya bei na tarehe ya zamani. Kwa hiyo kila kitu katika barua yako kiwe kinazitenganisha kazi hizi mbili. Kazi ya kwanza inamalizika kama ilivyo, inakabidhiwa tarehe ileile, inapewa ankara yake ya mwisho. Kazi ya pili ina karatasi yake, bei yake, kianzio chake na tarehe yake. Ukizichanganya, hata kwa nia njema, utajikuta mahali pabaya sana: tovuti haijazinduliwa kwa sababu malipo ya mtandaoni hayajakaa sawa, malipo hayajakaa sawa kwa sababu mtoa huduma bado anahakiki akaunti ya kliniki, na ile theluthi yako imelala kwa sababu makubaliano yanasema italipwa tovuti ikikabidhiwa. Kwa maneno mengine, utakuwa umeufunga mshahara wako kwenye foleni ya ofisi usiyoifahamu. Mimi niliwahi kusubiri miezi minne kwa mtego huu. Mteja wala hakuwa mbaya; alikuwa anasubiri "kitu kizima" kama nilivyomwahidi.

Wajenzi walishaumizwa na jambo hili zamani, ndiyo maana wana utaratibu. Katika masharti ya mikataba ya ujenzi ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kile kitabu chekundu, kifungu cha 13 kinashughulikia mabadiliko ya kazi na marekebisho ya bei, na mkandarasi haruhusiwi kubadilisha kazi mpaka mhandisi aagize au aidhinishe badiliko hilo. Wewe huhitaji kitabu kizima. Barua moja inatosha, na ningeiandika hivi:

"Daktari, habari za kazi. Asante kwa maelezo ya jana, nimeelewa kwamba shida kubwa ni wagonjwa wanaoweka miadi na wasitokee. Kuweka miadi na kulipa kwenye tovuti kunawezekana, na naweza kukufanyia. Hakumo katika makubaliano yetu ya kurasa sita na fomu ya mawasiliano, kwa hiyo nimekutengenezea makadirio yake peke yake.

Njia ya kwanza ni mfumo kamili: kalenda ya madaktari wawili, huduma hadi tano, malipo kupitia mtoa huduma mmoja, ujumbe wa kuthibitisha na wa kukumbusha, mafunzo kwa mapokezi na mzunguko mmoja wa masahihisho. Bei ni (kiasi), nusu kabla ya kuanza na nusu siku mfumo unapowashwa. Inachukua siku 12 za kazi, kuanzia siku nitakapopata idhini yako ya maandishi, kianzio, na akaunti ya malipo ya kliniki ikiwa imeshafunguliwa. Njia ya pili ni fomu ya kuomba miadi: mgonjwa anachagua siku na saa, mapokezi wanathibitisha kwa simu, hakuna malipo ya mtandaoni. Bei ni (kiasi), siku mbili za kazi.

Tovuti yenyewe inaendelea kama tulivyopanga na nitaikabidhi tarehe (tarehe). Njia yoyote utakayochagua itaongezwa baada ya hapo bila kuisimamisha. Makadirio haya yanafaa kwa siku 14. Ukiamua, nijibu tu kwa barua hii ukitaja njia ya kwanza au ya pili."

Angalia kile kisichomo. Hamna "samahani", kwa sababu hukumkosea. Hamna "siwezi", maana unaweza. Hamna aya ya kueleza jinsi ulivyo na kazi nyingi. Ukileta sababu, atazijibu sababu, na mtahamia kujadili ratiba yako badala ya bei. Sentensi inayokataa ni moja, iko katikati, inataja makubaliano na kupita. Pia usimwambie "hili si kazi yangu". Neno hilo humfanya mtu aanze kuulizia fundi mwingine.

Njia ya pili niliyoiweka ina kazi yake. Kwa hesabu yako ni kama saa tano, yaani karibu asilimia 8 ya kazi ya kwanza. Mteja anayepewa bei moja huchagua kati ya ndiyo na hapana, na hapana ya mtu aliyeudhika hukaa muda mrefu. Anayepewa mbili huanza kulinganisha, na akiwa analinganisha haamui tena kama utalipwa au la. Ila usiiweke njia ambayo usingependa kuifanya, maana ndiyo atakayoichukua. Kama anataka kitu kikubwa na hana fedha, unaweza pia kumwelekeza kwenye huduma ya miadi iliyo tayari, ya kulipia kila mwezi, yeye akajiunga mwenyewe na wewe ukaweka kiungo tu.

Anaweza kukujibu, "Mimi nilidhani imo." Usimpeleke kwenye kifungu kwa ukali. Mwandikie: "Naelewa, Daktari. Nimeambatanisha tena orodha tuliyokubaliana ili tuitazame pamoja," kisha nyamaza. Karatasi ikusemee. Anaweza kusema, "Nifanyie hili, nina kazi nyingine kubwa inakuja." Kazi hiyo ikija utaipa punguzo lake siku hiyo, leo haiko mezani. Jibu gumu kuliko yote ni la upole: "Wewe anza tu, tutahesabiana mwisho." Hapo jibu ni kwamba huanzi kabla ya idhini na kianzio, ila siku za kalenda unaweza kumshikia hadi Ijumaa. Ukianza bila maandishi, mwisho wa hesabu kumbukumbu yake itakuwa ndiyo mkataba.

Kuhusu yale mawili uliyoyatoa bure, usiyadai sasa. Hukumwambia bei kabla, na kudai baada ya kutoa ni kuharibu jina. Wala usiyataje kwenye barua ya nyongeza, yatasikika kama masimango. Mahali pake ni ankara ya mwisho ya kazi ya kwanza. Andika mstari: ukurasa wa saba, bei yake ya kawaida, punguzo asilimia 100, jumla sifuri. Mstari mwingine kwa mzunguko wa tatu wa rangi. Humdai kitu, lakini kwa mara ya kwanza anaona kwamba vile vilikuwa na bei. Nadhani hilo ndilo kosa lako la kweli katika hadithi hii. Kutoa bure si vibaya, mimi hutoa. Ulichokosea ni kutoa bila kuonyesha bei, hivyo kwa macho yake mipaka ya kazi haikuvukwa, ilikuwa pana tu tangu mwanzo. Ndiyo sababu la tatu amelileta kwa ujasiri wote huo.

Sasa ile theluthi, ambayo nahisi ndiyo inayokunyima usingizi. Hofu yako ina msingi, lakini angalia inatoka wapi: anaweza kuishikilia iwapo tu kuna jambo la kubishaniwa kama kazi imekwisha au haijaisha. Liondoe. Siku ya kukabidhi mtumie orodha ya kila kitu kilichomo kwenye makubaliano, kimoja baada ya kingine, mbele ya kila kimoja kiungo cha ukurasa husika, na umwombe athibitishe ndani ya siku tano za kazi. Ambatanisha ankara hapohapo. Akija na kasoro ya kweli, fomu haitumi au picha imepotoka, irekebishe siku hiyohiyo bila kusema neno la fedha. Kasoro ni deni lako, haihesabiwi kuwa nyongeza. Akisema "nitalipa miadi ikikaa", mjibu kwamba miadi ina makadirio yake ya tarehe fulani, na ankara hii inahusu orodha aliyokwisha kuiona. Rudia sentensi hiyohiyo kila atakapoirudia yake. Jambo moja tu usilifanye: usiizime tovuti yake kumkomoa, isipokuwa makubaliano yenu yanakuruhusu waziwazi. Kliniki inayopotewa na wagonjwa kwa sababu yako inaweza kukugeuzia kibao, na wewe uliyekuwa unadai ukawa unadaiwa.

La mwisho, hakikisha anayeidhinisha ndiye mwenye mamlaka. Kliniki nyingi zina washirika wawili, na anayetuma ujumbe wa sauti si lazima awe ndiye anayelipa. Kama makubaliano ya kwanza yalisainiwa na mwenzake, barua hii ipelekwe kwa wote wawili. Na akikukubalia kwa simu, furahi, mshukuru, kisha kabla hujafungua kompyuta kuanza kazi mwandikie: "Daktari, nathibitisha mazungumzo yetu ya leo: umechagua njia ya pili, bei ni hii, naanza nikipata kianzio. Kama sikukuelewa vizuri, nijulishe." Usianze mpaka kianzio kimeingia.